Uzoefu wangu: swali la tarehe za kuzaliwa kwa picha, Mbeya mjini

Huduma yenyewe ni rahisi: unapiga picha ya swali, unaituma WhatsApp na shilingi 1,000, mwalimu anakurudishia hatua alizoandika kwa mkono. Nililotuma ni hili: darasa lina wanafunzi 45, mwaka una siku 365, kuna uwezekano gani kwamba angalau wawili wamezaliwa tarehe moja?

Kwanza picha. Kitabu kikiwa kinene, mwisho wa mstari huzama kwenye mkunjo, na hapo ndipo "angalau" hupotea. Likikosekana, msomaji anaweza kudhani ni wawili tu, swali jingine kabisa. Bana ukurasa ulale, na usikate sehemu inayotaja siku 365.

Utatuzi ulinifurahisha. Mwalimu hakuhangaika na wawili, watatu au jozi mbili zinazolingana, maana njia hiyo haiishi leo. Alitafuta kinyume chake: wote 45 wana tarehe tofauti. Wa kwanza ana siku zote 365 za kuchagua, wa pili 364, wa tatu 363, hadi wa 45 anayebaki na 321. Kila namba unaigawa kwa 365, unazidisha zote, kisha jibu unalitoa kwenye 1.

Pembeni aliandika onyo kwamba 1 − (364/365)^44, ambayo ni kama 0.11, hujibu swali la mtu mmoja aliyetajwa kupata mwenzake. Darasa zima lina jozi 990, ndiyo maana jibu linaruka mbali na hapo. Onyo hilo pekee linalipia ile buku.

Kasoro ni kwenye kikokotoo. Aliandika 365P45 ÷ 365^45, akasema bonyeza. Vikokotoo vingi vya shuleni vitaleta Math ERROR, kwa sababu namba zote mbili zinapita 10^100. 365 ikifika kipeo cha 40 tayari imezidi. Nilipouliza, akagawa kazi mara mbili:

```
365P30 ÷ 365^30 = 0.2937
335P15 ÷ 365^15 = 0.2010
0.2937 × 0.2010 = 0.0590
1 − 0.0590 = 0.9410
```

Kwa hiyo ni asilimia 94. Ukitaka kujua kama umekosea, kumbuka kwamba wanafunzi 23 tu wanatosha kuvuka nusu (0.507). Darasa la 45 likikupa chini ya hapo, kuna mahali umeteleza, na mara nyingi ni ile 1 ya mwisho iliyosahaulika.

Hakugusa jambo moja: hesabu hii inachukulia kila siku ina nafasi sawa na hakuna mapacha darasani. Kwa mtihani hilo halina neno. Kwa darasa halisi lenye mapacha, jibu unalo kabla ya kushika kalamu.

Naipa nyota nne kati ya tano.