Nairobi hadi London kwa tiketi ya bei nafuu: uzoefu wangu na usiku mmoja wa kusubiri

Simshauri mtu yeyote anayesafiri na mzazi mzee anunue tiketi ya kwenda London yenye kusubiri usiku kucha katikati ya safari, hata bei yake iwe ya kuvutia namna gani. Nayasema haya nikiwa bado na uchungu, ingawa hesabu niliyoifanya baada ya kurejea nyumbani imenilazimu kuitenganisha safari ya kwenda na ile ya kurudi, kwa kuwa hazikufanana hata kidogo.

Msimu wa baridi wa Ulaya uliopita nilimpeleka mama akamwone mjukuu wake. Tiketi ya ndege ya moja kwa moja, kwenda na kurudi, ilikuwa takriban shilingi 112,000 kwa mtu mmoja, na ile ya kupitia mji mmoja wa Ghuba ilikuwa 78,000. Kwa watu wawili tofauti inafika 68,000, na hizo si fedha haba. Kilichonitia shaka ni zile saa 13 za kusubiri wakati wa kwenda, nami nikamwuliza waziwazi wakala aliyetukatia tiketi. Akanijibu kwa uhakika kabisa: "Usiwe na wasiwasi. Kusubiri kukizidi saa nane, shirika lenyewe linawapa hoteli na chakula bila malipo." Kwa kauli hiyo nikalipa.

Tulitua saa nne usiku. Kwenye dawati la abiria wa kuunganisha ndege, karani alizitazama pasi zetu za kupandia ndege kwa muda mfupi sana, akasema tiketi zetu hazina hoteli, kisha akamwita abiria aliyekuwa nyuma yetu. Nilipomwomba aangalie tena, akazisukuma pasipoti kwa ncha ya kidole hadi zikakaribia kuanguka, akaniambia kwamba mtu aliyenunua tiketi rahisi hana haki ya kudai kitanda. Mama alikuwa amesimama kando yangu akiegemea kigari cha mizigo. Baada ya saa tano za kukaa kwenye kiti, miguu yake ilikuwa imevimba hata mikanda ya viatu imeacha alama kwenye ngozi. Karani alimwona vizuri. Hakumwonyesha hata mahali pa kukaa.

Aliyetueleza ukweli ni dada mmoja wa usafi, Mkenya kutoka Mombasa, ambaye alitusikia tukizungumza. "Shikamoo mama," alisema kwanza, kisha akanigeukia: "Hapo utasimama bure, kaka. Hoteli huombwa tiketi inapokatwa, na vocha yake unatoka nayo nyumbani. Tena kama kulikuwa na ndege ya mapema zaidi ya kuwaunganisha, hamhesabiwi."

Hilo ndilo jambo ambalo wakala alipaswa kunieleza. Mashirika mengi yanayotoa hoteli kwa wanaosubiri kwa muda mrefu huitoa pale ambapo ratiba yao yenyewe ndiyo iliyomlazimisha abiria asubiri, yaani pasiwe na ndege nyingine ya karibu zaidi ya kumfikisha aendako. Abiria akichukua muunganiko mrefu huku mfupi ukiwepo, kwa sababu tu ule mrefu ni wa bei ya chini, huhesabiwa kuwa amechagua kusubiri. Juu ya hapo, madaraja ya chini kabisa ya nauli mara nyingi hayamo katika mpango huo, na saa nane anazotajiwa mteja ni sharti mojawapo tu kati ya kadhaa. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: kama hoteli ipo, kuna vocha au uthibitisho wa maandishi wenye jina la abiria na tarehe ya kulala. Kama hakuna karatasi hiyo, hakuna hoteli, aseme nani na aseme nini.

Hoteli za mjini zilikuwa za bei ya chini kuliko za uwanjani, lakini kutoka nje kulihitaji kwanza kujua masharti ya viza, na saa hizo za usiku sikuwa tayari kumkokota mama kwenye foleni ya uhamiaji. Nikalipia chumba cha kukodi kwa saa kilichomo ndani ya eneo la abiria wa kuunganisha. Saa sita za kulala zilinigharimu takriban shilingi 24,000, na chakula chetu cha usiku na cha asubuhi kikala 9,000. Muda uliobaki mama aliupitisha kwenye viti vya chuma karibu na geti, viti vyenye vigawanyo vya mikono ambavyo havimruhusu mtu kujinyoosha.

Sasa niangalie saa. Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja jioni, tukaingia London kesho yake saa tisa na nusu alasiri. Kwenye tiketi safari hiyo inaonekana kama saa 22 na nusu, kwa sababu kila muda uliochapishwa ni wa mji husika, na wakati wa baridi London iko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Muda halisi ulikuwa saa 25 na nusu. Ndege ya moja kwa moja niliyoiacha ingechukua takriban saa tisa. Linaloniuma zaidi ni hili: ile iliyoondoka Nairobi asubuhi ya siku ya pili, saa tatu, ilitarajiwa kutua London saa tisa alasiri. Abiria wake walilala vitandani mwao, wakanywa chai nyumbani, na bado wakatutangulia kwa nusu saa.

Nikiigawa ile akiba ya 68,000 sawasawa, safari ya kwenda ilituokolea 34,000. Ukitoa 33,000 za chumba na chakula, imebaki shilingi 1,000 kwa watu wawili, kwa saa 16 na nusu za ziada. Huo ni wizi wa muda, na sitakubali kuambiwa vinginevyo.

Hata hivyo haki lazima isemwe. Wakati wa kurudi tulisubiri saa tatu tu, muda uliotosha kuswali, kumpumzisha mama na kulifikia geti bila kukimbia, wala hatukutumia hata senti. Safari yote ilikuwa ndefu kuliko ya moja kwa moja kwa takriban saa sita na nusu, nasi tukabaki na 34,000 zote. Hiyo ni zaidi ya shilingi 5,000 kwa kila saa ya ziada, na kwa malipo hayo ningesafiri hivyo tena kesho. Wahudumu wa ndani ya ndege, kwenda na kurudi, walimtunza mama vizuri sana. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba tiketi ya kuunganisha ni mbaya. Baadaye niligundua kwamba muunganiko mfupi ulikuwepo hata wakati wa kwenda, kwa nyongeza ya takriban 7,000 kwa mtu, jumla 14,000, chini ya nusu ya tulizomwaga uwanjani. Wakala hakuutaja kabisa.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa kusema kwamba kijana anayesafiri peke yake anaweza kuivumilia tiketi ile. Lakini kila ninapokumbuka zile pasipoti zikisukumwa kwa kidole mbele ya mama, nakataa kumtuma hata huyo kijana. Nimeiandikia ofisi ya wakala kudai 33,000 zangu. Wamejibu kwamba masharti ya nauli yalifuatwa. Kuhusu ile ahadi ya hoteli niliyopewa na mfanyakazi wao, barua yao haina hata mstari mmoja.