Choo kipya, harufu ya shimo: sentimita tatu za fundi wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, maana nikitulia nitamsamehe. Kuna fundi nilimpa kazi ya kufunga choo cha kukalia kwenye nyumba yangu Githurai, mapema mwaka huu, na wiki ya pili tu bafu zima likawa linanuka kama choo cha shimo wakati wa mvua. Nilipompigia simu akanijibu, "Mathe, hiyo ni harufu ya simiti, itaisha." Simiti! Nimezaliwa jana?

Choo nilichonunua kinataka katikati ya paipu ya maji taka iwe sentimita 30 kutoka ukutani. Bwana huyu alipima hizo 30 vizuri kabisa, lakini kutoka kwenye jiwe tupu. Halafu ikaja plasta, sentimita moja na nusu, kisha gundi na taili, nyingine moja na nusu. Paipu ikabaki 27 kutoka kwenye taili. Tangi la maji likagusa ukuta na tundu la choo likawa bado liko mbele ya paipu kwa sentimita tatu. Ingekuwa kinyume, paipu ikae mbali zaidi, ningebaki na upenyo nyuma ya tangi tu, sura mbaya lakini maji yanaenda. Hii ya kupungua ndiyo haina huruma.

Yeye akalazimisha. Tulipokiinua choo na fundi wa pili, ule mpira wa kuunganishia ulikuwa umejikunja upande mmoja kama sikio, umezibwa kwa simiti, na simiti yenyewe ina ufa. Chini ya choo palikuwa na maji meusi. Alikuwa amezungushia silikoni pande zote, kwa hiyo uvujaji haukuwa na pa kujionyesha.

Huyu wa pili hakubomoa sakafu. Alikwangua paipu, akaupaka mpira mpya sabuni ya vyombo, ule ambao shingo yake imehamia kando, akausukuma ndani hadi ukakaa, ndipo akakishusha choo juu yake. Akamwaga ndoo tatu kwa nguvu huku ametandika tishu kuzunguka sehemu ya chini. Ilibaki kavu. Silikoni akaiacha wazi kidogo upande wa nyuma, ikivuja nijue. Alinionya pia kwamba shingo hiyo ya kando ina kona, nisitupe ndani vitambaa vya kupangusia mtoto, vitanasa.

Nilikuwa nimeapa kuandika kwamba yule wa kwanza asipewe hata kazi ya kubadilisha mfereji. Sasa sijui. Choo nilikinunua baada ya paipu kushazikwa, na alipouliza kinataka sentimita ngapi nilimwambia aweke za kawaida. Lakini ile "mathe, ni simiti" bado inaniuma, na pesa yangu sijarudishiwa.