Matone au springla kwenye mchanga wa Kigamboni: uzoefu wangu

Nalima mboga Kigamboni, matuta kumi yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita moja. Maji yangu ni ya kisima chenye chumvi kidogo, na kisima chenyewe hakitoi mengi. Nimetumia springla, nimetumia mipira ya matone, na zote mbili bado ninazo. Kwa nyanya, bamia, pilipili na nyanya chungu nimebaki na matone. Kwa mchicha unaoanza kuota bado nafungua springla.

Nianze na hesabu ya maji. Jua la hapa kwetu wakati wa kiangazi hunyonya kama milimita 5 kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Matuta yangu yana mita za mraba 100, kwa hiyo yanataka lita 500 kwa siku. Springla haijui tuta wala njia. Ukijumlisha njia za nusu mita kati ya matuta unamwagilia mita za mraba 150, yaani lita 750, na hiyo ni kabla upepo wa bahari haujachukua chake. Ukifungua saa nane mchana unaona kabisa ukungu wa maji unavyohamia kwa jirani. Kwa mwenye simtanki moja la lita 1,000, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kesho kuna maji au hakuna.

Jambo la pili ni presha. Springla za kawaida zinataka baa 2 hivi, sawa na tanki lililoinuliwa mita 20, kwa hiyo lazima pampu na lazima umeme. Presha ikiwa ndogo, maji hayasambai: yanaanguka kama duara, katikati pakavu. Mipira ya matone inafanya kazi na tanki langu lililo mita moja na nusu tu juu ya ardhi. Ila fahamu kwamba tundu la mpira lililoandikwa lita 1.6 kwa saa limepimwa kwa baa moja. Kwa urefu wa tanki langu linatoa kama lita 0.6. Nina mistari miwili kila tuta, matundu kila sentimita 30, jumla kama 660, hivyo napata karibu lita 400 kwa saa. Nafungua dakika arobaini asubuhi na nyingine kama hizo jioni. Ukifungua kwa mkupuo mmoja kwenye mchanga, maji yanazama moja kwa moja na kuipita mizizi.

Mchanga huohuo ndio unaoyashinda matone kwenye mchicha. Maji yanashuka chini bila kutanuka pembeni, na mbegu zilizomwagwa tuta zima zinaota kwa mistari: kijani palipo na mpira, kikavu katikati. Hapo springla ya matone madogo, alfajiri kabla upepo haujaamka, inaotesha tuta lote.

Chumvi nayo ina tabia mbili. Springla inaimwagia kwenye majani, maji yakikauka ncha zinaungua, na nyanya zikikaa na majani yaliyolowa muda mrefu ugonjwa wa bakajani hauchelewi. Matone yanaacha majani makavu, lakini yanasukuma chumvi mpaka ukingoni mwa sehemu iliyolowa. Utaiona kama unga mweupe juu ya udongo.

Kero kubwa ya matone ni kuziba. Weka chujio la visahani mara tu baada ya tanki, na kila wiki fungua ncha za mipira maji yatoke mpaka yawe meupe. Mimi huwa napima: natega kikopo chini ya tundu la mwanzo na jingine chini ya tundu la mwisho kwa dakika kumi. Kwa presha yangu kila kimoja kinatakiwa kuwa na kama mililita 100. Cha mwisho kikiwa na 60, mpira una uchafu au umepinda mahali. Utelezi wa rangi ya kutu ni chuma cha kisimani, na dawa yake ni kuhifadhi maji tankini yatulie kwanza, kutu ishuke chini, na bomba la kutolea liwe juu kidogo ya sakafu ya tanki.

Na vuli inapoanza na manyunyu, watu wengi wanafunga koki. Mimi naacha matone yaendelee, kwa sababu manyunyu hayo yanairudisha ile chumvi ya ukingoni kwenye mizizi bila nguvu ya kuizamisha. Nafunga mvua ikinyesha ya kutosha kuishusha chini.