TAHADHARI: Mbao za paleti zenye "HT" ya kugongwa baada ya kupigwa randa

Ndugu zangu mnaotengeneza fanicha kwa mbao za paleti hapa Dar, kuweni macho na muuzaji mmoja wa upande wa Kurasini. Anauza mbao zilizokwisha kung'olewa misumari na kupigwa randa, kila moja ina "HT" nyeusi katikati. Nilinunua 24 za kitanda cha mwanangu kwa kuamini hizo herufi mbili, ambazo ni alama ya mbao iliyotibiwa kwa joto kuua wadudu.

Muhuri halali haukai hivyo. Una mchoro wa suke la ngano na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi, namba ya aliyetibu mbao, halafu HT, yaani mbao ilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Ukikuta MB mahali pa HT, paleti ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi. Hiyo mimi siingizi ndani ya nyumba. Kwa kawaida muhuri huwa kwenye miguu ya paleti au ubavuni, mara chache sana kwenye mbao za juu. Sasa fikiria: randa hula uso wa mbao pamoja na wino wake. Muhuri unaong'aa juu ya uso uliopigwa randa umegongwa baada ya randa. Zangu hazikuwa na suke, nchi wala namba.

Nilishtuka nilipokata ncha ya mbao ya tatu. Pembezoni kulikuwa na ukanda wa kijani wa milimita nne hivi, ndani mbao nyeupe. Ukungu hauingii hivyo, ukiukwangua unatoka. Ule ukanda ni dawa iliyosukumwa ndani kwa shinikizo, kama kwenye mbao za kupaulia, na dawa ya aina hiyo mara nyingi ina shaba, kromu na arseniki. Kwa hiyo alikuwa amechanganya mbao za paleti na mabaki ya mbao za dawa, akaondoa ukijani wa juu kwa randa. Nilikuta saba za namna hiyo kati ya 24. Nilipompigia alisema ni "rangi ya mti tu", kisha akaacha kupokea simu.

Kama mmeshanunua kwake, kateni sentimita mbili kila ncha mtazame kwa mwanga wa jua. Zenye ukanda msizipige msasa, maana vumbi lake ndilo baya zaidi, na msimpe mama lishe akapikie: arseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hutoka na moshi.

Mimi sasa nanunua paleti nzima, na misumari yake, nasoma muhuri mguuni kabla ya kutoa hela. Na hata HT halisi inahusu wadudu tu. Haisemi nini kilimwagikia paleti njiani. Ikiwa na doa la mafuta au harufu ya dawa ya shamba, naiacha palepale.