Koni za vokseli au probu za mwanga: kabla ya kulipa, kagua kuta nyembamba

Wasomaji wanaotengeneza gemu wananilalamikia jambo lilelile. Wamenunua plagini ya mwanga unaodunda, video ya muuzaji ilivutia, lakini chumba kilichofungwa pande zote kinang'aa chini ya ukuta kama vile jua linapenya. Sitazungumzia uzuri wa rangi, huo kila muuzaji anao. Mimi naangalia uvujaji, yaani mwanga wa nje kuonekana ndani kupitia ukuta ambao ungepaswa kuuzuia.

Namba moja kwangu ni probu, vituo vya kupimia mwanga vilivyopangwa hewani ndani ya eneo, za mtindo wa DDGI unaozisasisha kwa miale kila fremu, na katika hizo napendelea RTXGI ya NVIDIA waziwazi. Kila probu huhifadhi mwanga unaoifikia pamoja na umbali wa vitu vinavyoizunguka, kwa hiyo pikseli ya ndani inaweza kuipuuza probu iliyo nyuma ya ukuta. Chukua eneo la mita 25.6 kila upande, ukipanga probu 16 kwa kila mhimili: jumla 4,096. Probu moja ikichukua baiti 1,280, zote ni kama megabaiti 5 tu. Gharama iko kwenye miale: ukirusha 128 kwa kila probu, ni zaidi ya 524,000 kila fremu, na hapo unahitaji kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale. Tena mwanga huchelewa. Probu ikibakiza asilimia 97 ya thamani ya zamani kila fremu, taa uliyoizima huacha asilimia 10 ya mwanga wake hadi fremu ya 76, yaani sekunde moja na robo kwa fremu 60.

Namba mbili ni koni za vokseli, kama VoxelGI ya Godot: eneo hukatwa kuwa vijisanduku vinavyoitwa vokseli, na mwanga husomwa kwa koni zinazopanuka kadiri zinavyokwenda mbali. Zinafaa kadi za zamani, na kwa mwakisiko wa sakafu iliyong'arishwa zinazishinda probu. Lakini eneo lilelile kwa vokseli za sentimita 10 ni vokseli milioni 16.8; kwa baiti 8 kila moja, ni megabaiti 134 kabla ya ngazi zilizofifishwa, yaani nakala zenye vokseli kubwa zaidi ambazo koni husoma ikipanuka. Uvujaji unaanzia kwenye ngazi hizo. Koni ya nyuzi 60 ikifika mita moja imetanuka kupita mita moja, hivyo husoma vokseli za sentimita 80 au zaidi. Ukuta wa sentimita 10 ndani ya vokseli ya 80 ni sehemu moja ya nane, na koni huuona kama pazia jepesi.

Mwanga uliookwa, yaani uliokokotolewa mapema kabla ya gemu kuchezwa, ni rahisi na hauvuji sana, ila mlango ukifunguka haubadiliki.

Kinachoniudhi ni wauzaji kuonyesha kila mara Sponza, modeli ya majaribio ya jengo la nguzo nene za mawe, halafu hawaandiki ukubwa wa vokseli popote, na bei hawapunguzi. Mwombe muuzaji video ya chumba kitupu: ukuta wa sentimita 10, jua nje, mwanga wa mazingira sifuri, mwangaza wa kamera umepandishwa. Tazama pale ukuta unapokutana na sakafu. Akikataa, usinunue.