Picha moja, filta ya urembo na GIMP: uzoefu wangu

Picha za watu huwa nazirembesha kwa njia mbili: kwa filta za urembo zilizomo kwenye programu za mitandao ya kijamii, au kwa mkono nikitumia GIMP, programu ya bure ya kompyuta. Tofauti yake nitaionyesha kwa picha moja niliyoipitisha kote kuwili.

Dada yangu alihitaji picha ya wasifu. Nilimpiga picha mbele ya ukuta wa vigae, mwanga wa dirisha ukimjia kutoka kushoto. Siku hiyo alikuwa na chunusi mbili shavuni, weusi kidogo chini ya macho, na kile kidoa cheusi alichozaliwa nacho juu ya mdomo. Aliniambia, "Chunusi toa, lakini kidoa changu usikiguse."

Nilianza na filta. Filta ya urembo kwanza hutafuta uso, kisha hupachika nukta machoni, puani, midomoni na kuzunguka taya, na kuziunganisha kuwa wavu. Mfumo wa Google uitwao MediaPipe Face Mesh, kwa mfano, hutumia nukta 468. Wavu ukishakaa, filta hufanya kazi mbili. Huuvuta, ndipo macho yanapokua na taya kuwa jembamba. Halafu hulainisha kila sehemu inayoihesabu kuwa ngozi, kwa kuchanganya rangi ya kila pikseli na ya majirani zake.

Hapo ndipo agizo la dada liliposhindikana. Filta za aina hii hazijui chunusi ni nini. Chunusi, kovu, kidoa cha kuzaliwa na vitundu vya ngozi vyote huvichukulia kama badiliko dogo la rangi katikati ya ngozi. Chunusi zilipofifia, kidoa nacho kilififia. Nikarudisha nyuma kitelezi cha kuongeza au kupunguza ulainishaji, kidoa kikaonekana tena, chunusi nazo hizo. Hakuna kipimo kinachotenganisha vitu hivyo, kwa kuwa kitelezi ni kimoja kwa uso mzima.

Kwenye GIMP mpango ni mwingine, maana unaamua doa kwa doa. Nilinakili tabaka la picha, nikachukua zana ya `Heal`, nikaweka brashi kubwa kidogo tu kuliko chunusi, nikashika `Ctrl` na kubofya ngozi safi iliyo jirani, kisha nikapaka juu ya chunusi. Zana hii huchukua umbile la ile ngozi safi na kulioanisha na rangi na mwanga wa mahali unapopaka, kwa hiyo vitundu vya ngozi vinabaki. Kidoa sikukigusa.

Weusi wa chini ya macho unataka utaratibu zaidi, na hapa ndipo ninapoipendea programu hii. Ukifungua `Filters > Enhance > Wavelet decompose`, picha inagawanywa katika matabaka kuanzia `Scale 1` hadi `Scale 5`, pamoja na moja liitwalo `Residual`. Matabaka ya mwanzo hubeba vitu vidogo kama vitundu, vinyweleo na mikunjo myembamba. Ya mwisho hubeba rangi na vivuli vipana. Nilizungushia eneo la chini ya jicho kwa ukingo laini, nikalififisha kwenye matabaka mapana peke yake, na `Scale 1` na `Scale 2` nikaziacha kama zilivyo. Weusi ukapungua na ngozi ikabaki ngozi. Kazi yote ilichukua karibu nusu saa, ilhali filta ilimaliza kwa kufumba na kufumbua. Anayetaka matokeo ya papo kwa papo GIMP itamchosha, nami simlaumu.

Nilipoziweka picha hizo mbili sambamba na kuzikuza hadi pikseli zionekane vizuri, ile ya filta ilijitaja yenyewe. Cha kwanza sikukiona usoni, nilikiona ukutani. Mistari ya vigae ilikuwa imenyooka kila mahali ila karibu na taya, ambako ilipinda kuelekea shavu. Filta inapovuta taya kwenda ndani, huvuta pia kilicho nyuma yake. Kwa hiyo picha nikiitilia shaka huanza na fremu za milango, mikono ya miwani, hereni, ukosi wa shati, chochote ambacho umbo lake nalijua.

Baada ya hapo natazama mipaka. Shavu la dada lilikuwa laini kabisa, lakini sikio na shingo vilibaki na umbile na rangi yake halisi, kwa kuwa filta haikuvihesabu kuwa uso. Kwenye ngozi nyeusi jambo hili huonekana haraka zaidi filta inapoongeza weupe: uso unapauka, shingo inabaki ilivyo. Chembechembe, yale madoadoa madogo kama mchanga yanayotokea pichani, nazo hutoa siri. Picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu huwa nazo kote, nyweleni, nguoni, ukutani. Zikikosekana usoni tu, basi uso umefutwa.

Aliyezidisha kwa mkono huacha alama za namna nyingine, kwa sababu yeye hugusa sehemu moja moja. Weupe wa jicho ni mfano mzuri. Jicho ni duara, hivyo kope ya juu hulitupia kivuli na sehemu nyeupe huwa na ukijivu na mishipa myembamba. Ukiona weupe umesambaa sawasawa mpaka pembeni, jicho likawa kama stika iliyobandikwa, mtu amelipaka. Tazama pia kama nukta ya mwanga iko upande uleule katika macho yote mawili na inakubaliana na kivuli cha pua. Alama nyingine ni marudio. Anayenakili kipande kilekile cha ngozi mara kadhaa huacha vitundu vilivyojipanga namna moja mahali pawili.

Lakini usimhukumu mtu kwa ngozi laini peke yake. Programu za kutumiana ujumbe hubana picha na kufuta vitundu. Simu nyingi hulainisha zenyewe zinapopambana na chembechembe za gizani. Mwanga mpana wa mbele huficha mikunjo, na vipodozi vilivyopakwa kwa ustadi hufanya hivyo hivyo. Hata pua kubwa au ndogo inategemea kamera ilikuwa umbali gani. Mimi husubiri dalili mbili zinazokubaliana, mathalani mstari uliopinda pamoja na taya lisilo na kivuli chini yake, ndipo niseme picha imezidishwa.

Kwenye video, zamani ilitosha kupitisha mkono mbele ya uso: wavu uliruka na sura halisi ikachungulia. Kipimo hicho hakitoshi tena. Filta ya Bold Glamour ya TikTok, iliyovuma mwaka 2023, iliendelea kukaa usoni hata mkono ulipopita.

Kwa matumizi yangu, filta imebaki ya video za moja kwa moja, ambako kuhariri kwa mkono hakuwezekani. Hapo huacha ulainishaji chini ya robo ya kitelezi, na vipimo vyote vya kubadili umbo la uso, macho, pua na taya, huvirudisha sifuri. Picha yoyote ya kubaki, ya wasifu au ya kuchapishwa, naipeleka GIMP.