Zinki fosfeti au glasi ayonoma: kioo cha baridi kinamsaidia nani?

Zote mbili ni saruji za meno za unga na maji ya asidi, zote hugandisha kofia ya jino. Ila kwenye joto la Mwanza hazivumiliani sawa.

Zinki fosfeti hutoa joto inapoganda, na joto hilo huiharakisha zaidi. Ndiyo maana unga hugawanywa mafungu madogo, unaongeza moja moja huku ukisambaza mchanganyiko kwenye kioo kipana kilichopoa, kwa dakika moja na nusu hivi. Ukimimina wote mara moja, umekwisha.

Glasi ayonoma haitaki kubembelezwa hivyo. Unachanganya haraka, kama sekunde 45, kisha unaweka ikiwa bado inang'aa. Mng'ao ni asidi iliyobaki huru, ndiyo inayoshikana na kalisi ya jino. Ikififia, itajaza nafasi tu, haitashika. Itupe, hata kama bado inatandazika.

Sasa kioo. Baridi huongeza muda kwa zote, lakini sisi tuko kando ya ziwa. Chumba cha nyuzi 28 chenye unyevu wa asilimia 70 hufanya umande kwenye kioo cha nyuzi 22 hivi kushuka chini. Kioo nilichotoa moja kwa moja kwenye friji kilitoka jasho. Fosfeti ikaganda kabla sijageuka, maana maji ya ziada huiharakisha. Siku hizi nakipoza kidogo tu, nakifuta, nakipitishia kidole kikavu. Kidole kikiacha mstari, nasubiri.

Kwa mwanafunzi anayeanza, ningempa fosfeti kwanza: inasamehe mikono ya polepole.